Mwongozo kamili: Kumzuia mchezaji mmoja asiwachezee wenzake wote katika michezo ya kushirikiana

Lalamiko ni lile lile, liwe limetoka sebuleni Sinza au barazani Mbagala: mezani tuko wanne, lakini anayecheza ni mmoja. Wengine watatu wanasogeza kete kama walivyoambiwa, na baada ya saa moja mmoja wao ameshahamia kwenye simu. Wapo waliojaribu kumwambia mhusika "bro, punguza", akapunguza kwa raundi moja kisha akarudi palepale. Wengine walipiga marufuku maongezi, wakashindwa vibaya na kuona mchezo wenyewe ni mbovu.

Njia zote mbili zinagonga mahali ambapo tatizo halipo. Katika mchezo kama Pandemic, wa kupambana pamoja na magonjwa kwenye ramani ya dunia, ambao ndio nitakaoutumia hapa kwa sababu ndio wengi wanaoanza nao, taarifa zote ziko wazi mezani na hakuna anayewahimiza. Mtu mwenye kichwa chepesi anaweza kupanga zamu zote nne peke yake. Hawahitaji ninyi, na mchezo haumpi sababu ya kuwahitaji. Ukimtoa huyo, mara nyingi wa pili kwa wepesi anakalia kiti chake. Kinachotakiwa kubadilika ni nani anajua nini, na nani anaanza kusema.

## Vifaa

- Boksi la Pandemic, na wachezaji 3 au 4. Mkiwa wawili tatizo ni dogo, na baadhi ya hatua hapa zitawachosha bure.
- Karata za Janga, zile zinazozidisha maambukizi, ziwe 4 tu, hata kama mmezoea 5 au 6. Sababu iko kwenye hatua ya 2.
- Kizibo kimoja cha soda. Kitaitwa kizibo cha zamu.
- Simu moja yenye kipima muda, imelazwa mezani na mlio umewashwa. Iwe ya mtu asiyepigiwa kila dakika.
- Mtu wa kusoma kanuni. Asiwe yule anayelalamikiwa, wala asiwe anayelalamika.

Kuhusu maneno: "vipande" ni vile vya rangi vinavyoonyesha ugonjwa, "kete" ni ya mchezaji, na "vitendo" ni vile vinne ambavyo kila mtu anavyo katika zamu yake.

## Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni hilo kweli

Chezeni raundi mbili bila kubadilisha chochote, na mtu mmoja aangalie kimyakimya mambo mawili. La kwanza: zamu inapoanza, mwenye zamu anatazama ramani au anatazama uso wa mtu? La pili: kuna mkono unaogusa kete isiyo yake?

Wakitazama uso wa mtu, mnaye kiranja. Mkono ukigusa kete ya mwingine, mnaye kiranja aliyekwisha kubaliwa, na huyo ni mgumu zaidi kwa sababu wenzake wamemzoea.

Angalizo: mgeni anayeuliza "hapa naruhusiwa kuruka na ndege?" anauliza kanuni. Anayemjibu anafundisha, hatawali. Ila jibu likivuka "ndiyo, unatoa karata ya mji unaokwenda" na kufika "kwa hiyo toa hiyo ya Lima", hapo mpaka umevukwa.

## Hatua ya 2: Tangaza kanuni kabla ya kugawa karata

Huku kwetu hatua hii ina uzito wake. Mara nyingi anayeongoza meza ni kaka mkubwa, shemeji, au mwenye nyumba aliyepika pilau. Mdogo hawezi kumwambia mkubwa wake "niache nicheze" mchezo ukiwa katikati, na mkubwa akikatizwa mbele ya wageni anaona amevunjiwa heshima. Isitoshe, wengi tumekulia kwenye vijiwe vya drafti na bao, ambako mtazamaji ana haki ya kupiga kelele "kula hiyo!" na mchezaji hakasiriki. Kiranja hajui kwamba anakosea. Anafanya anachofanya kila siku kijiweni.

Kwa hiyo kanuni isomwe kama sehemu ya mchezo, isitajwe kama dawa ya mtu fulani. Msomaji aseme hivi:

"Leo tunacheza toleo gumu zaidi. Karata zinakaa mkononi, mwenye kizibo anaanza kusema, na wengine tunatoa taarifa tu. Kwa kuwa ni gumu, tumepunguza karata za Janga ziwe nne."

Sentensi ya mwisho ni ya lazima, na ni ya kweli. Kupanga pamoja bila mipaka ndiko kunakowapa ushindi mwingi, na mkiweka mipaka mtashinda mara chache zaidi. Msipopunguza Majanga mtafungwa mfululizo, na hoja ya kwanza ya kiranja itakuwa "mnaona? Mngenisikiliza mimi."

Mmefaulu kama hakuna aliyeuliza "hii ni kwa ajili ya nani?"

## Hatua ya 3: Karata mkononi, na miji haitajwi ovyo

Wengi wanafika hapa na kukwama. Wanaficha karata, halafu kila mtu anazisoma kwa sauti: "mimi nina Kairo, Delhi, Tehran." Hapo hamjaficha kitu. Mmemwongezea kiranja kazi ya kukumbuka, naye ana kumbukumbu nzuri kuliko ninyi.

Kanuni inayofanya kazi ina sehemu mbili. Wakati wowote mtu anaweza kusema ana karata ngapi za rangi gani: "nina nyeusi tatu." Jina la mji analitaja kwa mwenye zamu peke yake, na tena akiwa ameulizwa naye. Mwenye zamu ana maswali mawili tu, basi.

Rangi zinabaki wazi kwa sababu bila hizo hakuna ushirikiano. Dawa inatengenezwa kwa karata 5 za rangi moja, kwa hiyo ni lazima mjue nani anakusanya nini. Miji inafungwa kwa sababu mtu anampa mwenzake karata ya mji ule ambao wote wawili wamesimama, yaani asiyejua miji hawezi kupanga makabidhiano ya watu wengine. Kiranja anabaki na picha nusu. Nusu ya pili iko kichwani mwa mwenye zamu, na ndiyo inayomfanya awe na kitu cha kuamua.

Karata za Tukio, zile za msaada zisizogharimu kitendo, nazo zinafichwa. Aliyenayo ndiye anayeamua kuitaja, vinginevyo zote tano zitageuka mali ya mtu mmoja.

Angalizo dogo la Dar: feni ya darini hupindua karata zilizolazwa. Kuzishika mkononi kunatatua hilo pia.

## Hatua ya 4: Kizibo, dakika moja, kisha sentensi moja moja

Hiki ndicho kiini cha mwongozo wote. Zamu inakwenda hivi:

1. Mwenye zamu anachukua kizibo, na kipima muda kinaanza kuhesabu dakika moja. Wengine wananyamaza. Anaangalia ramani, anauliza maswali yake mawili, kisha anasema lengo lake kwa sauti. Lengo tu, si vitendo vyote vinne: "nataka kuituliza Afrika," au "nataka kumsogezea shemeji karata."

2. Kila mmoja wa wengine anapewa sentensi moja. Iwe taarifa ya kitu kinachoonekana mezani au kilicho mkononi mwake. "Khartoum ina vipande vitatu" inaruhusiwa. "Nenda Khartoum" hairuhusiwi. "Nikifikiwa Kairo naweza kupokea karata" inaruhusiwa.

3. Mwenye zamu anacheza vitendo vyake vinne kwa mkono wake. Akishavuta karata za mwisho wa zamu, hakuna kurudisha nyuma.

Anayetangulia kusema ndiye anayeweka mada. Kiranja akitangulia, hata kwa upole, wengine hawafikirii tena mpango wao, wanajibu mpango wake. Akisema baada ya lengo kutajwa, analazimika kusaidia lengo la mwenzake au kuonyesha hatari yake. Akili yake haijapotea bure, imewekwa inapofaa.

Marufuku ya kitenzi cha amri inaonekana ya kitoto, lakini usiiruke. Taarifa inamwachia mwenye zamu kazi ya kuunganisha mambo, na kazi hiyo ndiyo mchezo wenyewe.

Mmefaulu mkisikia watu wanaanza sentensi kwa amri, wanajikata, kisha wanaigeuza: "Nen... aah, Lagos ina viwili." Watacheka. Kufikia raundi ya nne hawatahitaji kukumbushwa.

## Mfano mmoja, kitendo kwa kitendo

Chukua meza ya watu wanne. Kaka mkubwa ndiye kiranja. Mdogo wake wa kike ni mgeni wa mchezo, na amepata jukumu la Tabibu: kwa kitendo kimoja anaondoa vipande vyote vya rangi moja katika mji, si kimoja kimoja kama wengine. Shemeji ni Mwanasayansi, anatengeneza dawa kwa karata 4 badala ya 5. Wa nne ni jirani.

Janga la kwanza limeshapita. Tabibu yuko Algiers. Kairo ina vipande vitatu vyeusi, Khartoum ina vitatu vya njano. Kairo kuna kituo cha utafiti, mahali dawa inapotengenezwa, na shemeji amesimama hapo hapo. Baada ya Tabibu ni zamu ya shemeji.

Kwa mtindo wa zamani, kaka angeshasema: "Rahisi. Nenda Kairo, safisha nyeusi, nenda Khartoum, safisha njano. Vinne, umemaliza." Na asingekosea kihesabu. Ni mpango mzuri kwa kila kinachoonekana ramanini.

Sasa kwa kizibo. Binti ana karata ya Kairo mkononi. Anatumia swali lake la kwanza: "Shemeji, una nyeusi ngapi?" Tatu. Anatangaza lengo: "Nataka shemeji apate dawa nyeusi zamu yake."

Sentensi zinafuata. Kaka: "Khartoum ikipata kipande cha nne italipuka na kugusa miji minne." Ni kweli: Kairo, Lagos, Kinshasa na Johannesburg. Jirani, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, amekuwa akitazama lundo la karata za maambukizi zilizokwisha kutoka, na lundo hilo liko wazi kwa wote: "Kairo imeshatoka, iko kwenye lundo. Khartoum bado." Shemeji: "Nikiwa na dawa, kusafisha Kairo kutanigharimu kitendo kimoja tu."

Binti anaunganisha. Kitendo cha kwanza, Algiers hadi Kairo. Cha pili, anampa shemeji karata ya Kairo, kwa kuwa wote wako Kairo. Cha tatu, Kairo hadi Khartoum. Cha nne, anasafisha njano yote ya Khartoum. Kairo anaiacha na vipande vitatu, makusudi. Karata yake iko kwenye lundo la zilizotoka, na haiwezi kutoka tena hadi Janga jingine lirudishe lundo hilo juu. Shemeji anapokea zamu akiwa na nyeusi nne, anatengeneza dawa, kisha kwa kitendo cha pili anaondoa vipande vyote vya Kairo, kwa sababu ugonjwa wenye dawa husafishwa wote kwa mara moja.

Hatari imebaki moja: Janga litoke katika karata mbili atakazovuta binti mwishoni mwa zamu. Ni hatari ya kweli, na ameichagua yeye.

Kaka asingeufikia mpango huu. Ana akili ya kutosha, ila hakujua karata ya Kairo iko kwa nani. Jirani asiyeongea ndiye aliyetoa taarifa iliyoamua mji upi usubiri. Mkiona zamu kama hii hata mara moja katika mchezo mzima, kanuni zinafanya kazi.

## Hatua ya 5: Mpe kiranja jukumu na kazi

Toleo la 2013 lina majukumu 7 yanayogawiwa kwa bahati. Kabla ya kuchanganya, toeni karata ya jukumu la yule anayesogeza kete za wenzake kana kwamba ni zake. Kanuni zinamtaka aombe ruhusa kwa mwenye kete, lakini kwenye meza yenye kiranja ruhusa hiyo huombwa kwa mkono ulioshasogeza. Mrudisheni mkishazoea.

Kisha mpeni kiranja kazi ya maambukizi: afunue karata, aweke vipande, ahesabu milipuko. Ni kazi inayotaka umakini anaoupenda, na inamfanya awe na shughuli hata katika zamu zisizo zake. Kwa mtu mzima msiyeweza kumnyamazisha, hii pekee wakati mwingine inatosha.

Mgeni akipata Tabibu ni bahati. Nguvu yake inaonekana mara moja bila maelezo marefu.

## Kinachoharibika, na namna ya kukitambua

Amri zinavaa nguo za maswali. "Kwani Khartoum huioni?" au "Hivi kweli unataka kwenda Lima?" Msomaji wa kanuni aseme tu "taarifa", bila mahubiri. Swali lisilohitaji jibu ni amri.

Mwenye zamu anaikimbia zamu yake. Dakika nzima anasema "mimi sijui, niambieni." Usimjaze mpango. Mpunguzie mzigo: achague kati ya mambo mawili tu, kutuliza mji au kukusanya karata. Mtu aliyechezewa muda mrefu amesahau kwamba anaruhusiwa kukosea, na atahitaji raundi mbili tatu.

Kimya kinatawala. Mkiona sentensi zinapitwa, "mimi sina", "mimi pia sina", mmekaza kupita kiasi. Ongezeni maswali ya mwenye zamu yawe matatu. Msifungue miji yote.

Kiranja ananuna. Hutokea, hasa mkifungwa. Msibishane naye mezani. Mchezo ukiisha, mwacheni aeleze angefanya nini zamu ya mwisho. Ana haki hiyo, na mara nyingi ana hoja.

Kipima muda kinaleta haraka. Ni kwa kupanga tu, si kwa kusogeza kete. Mlio ukilia mtu akiwa katikati ya sentensi, amalizie.

## Hatua ya 6: Ikishindikana, badilisha mchezo

Mkijaribu jioni kadhaa na bado mkono mmoja unasogeza kete zote, acheni kupambana na Pandemic. Ipo michezo ambayo kiranja hawezi kuitawala kwa jinsi ilivyoundwa. Ninaopendekeza kwanza ni Hanabi, ambao kila mtu anashika karata zake zikiwa zimegeukia wenzake. Unaona za wote isipokuwa zako. Hakuna anayeweza kukuchezea, kwa sababu kinachosemwa kuhusu karata zako ni dokezo la rangi au namba tu, na kila dokezo linagharimu.

Huhitaji kuagiza boksi. Tafuta pakiti tatu za karata za kawaida zenye migongo inayofanana kabisa. Kwa kila moja ya aina nne (kopa, shupaza, maua, uru) toa ree 3, mbili 2, tatu 2, nne 2, na tano 1. Utapata karata 40. Mkiwa watatu gawa tano tano, mkiwa wanne gawa nne nne. Wekeni vizibo 8 vya madokezo na 3 vya makosa.

Kwa zamu unafanya jambo moja: unatoa dokezo, unatupa karata na kurudisha kizibo kimoja cha dokezo, au unacheza karata. Mnajenga kila aina kuanzia ree hadi tano kwa mpangilio. Ukitupa au ukicheza, unavuta nyingine. Dokezo likitolewa, lazima lioneshe karata zote zinazohusika: ukisema "kopa", unamwonesha kopa zake zote. Kucheza karata isiyofuata mpangilio ni kosa, na kosa la tatu, mchezo umekwisha. Rundo la kuvuta likiisha, kila mtu ana zamu moja ya mwisho, kisha mnahesabu karata zilizojengwa, zisizozidi 20.

Angalizo la mwisho ni la macho. Katika Hanabi kiranja akinyimwa mdomo hutumia nyusi: unagusa karata, yeye anavuta pumzi. Mwambieni atazame karata za wenzake, asitazame mkono wa anayecheza, na kizibo cha dokezo kitolewe kwa kila pumzi mtakayoisikia.